Mpangaji wa Duka Anapoomba Nafasi Zake za Kuegesha na Kinga Dhidi ya Mshindani Ndani ya Jengo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanahusu Kenya na sheria zake za upangaji wa biashara. Ili tusizungumze hewani, tutatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: duka la keki linalotaka kuingia kwenye jengo la ghorofa nne huko Nyali, Mombasa. Chini kuna maduka manane, juu ni ofisi, na uwanjani kuna nafasi 22 za kuegesha magari. Kodi inayotajwa ni shilingi 120,000 kwa mwezi. Jengo hilo na bei zake ni vya mfano. Sheria zinazotajwa ni za kweli.

Kwani sheria haimkatazi mwenye jengo kuniletea mshindani mlangoni?

Haimkatazi. Hapa ndipo wapangaji wengi huumia, kwa kudhani kuna haki ya asili inayowalinda. Sheria ya Ardhi ya 2012 inaweka ndani ya kila mkataba wa upangaji ahadi ya mwenye jengo kwamba mpangaji atakaa kwa utulivu bila kubughudhiwa. Utulivu huo ni wa kulitumia duka ulilokodi, kwa mfano usifungiwe mlango au kukatiwa maji. Faida yako haimo.

Mahakama zetu hurejelea pia kanuni za sheria ya Kiingereza, na huko suala hili liliamuliwa zamani, katika kesi ya Port dhidi ya Griffith ya 1938. Mpangaji alikodi duka la kuuza sufi na mapambo ya nguo. Mwenye jengo akakodisha duka la jirani kwa mtu mwingine wa biashara inayofanana, na mahakama ikasema hajavunja chochote. Kupungua kwa wateja hakufanyi duka lishindwe kutumika kama duka.

Kwa hiyo kinga unayoitaka ni ile tu utakayoandikiwa. Nafasi za kuegesha nazo ni hivyo hivyo. Mkataba ukisema tu kwamba unaweza kutumia maegesho ya jengo, umepewa ruhusa ya kuzunguka ukitafuta nafasi pamoja na watu wengine wote.

Niombe lini?

Kabla ya kutia sahihi barua ya ofa. Barua hiyo ya kurasa mbili au tatu huonekana kama utangulizi tu, lakini ndiyo inayotaja kodi, muda, amana na matumizi ya duka, na wakili wa mwenye jengo huandika mkataba kwa kuifuata. Ukishalipa amana halafu ukamwambia wakili kuwa ungependa na nafasi mbili za gari, atakujibu kwa adabu kwamba hilo halikukubaliwa. Wakati huo hela yako iko kwao, na fundi wako ameshapima kaunta.

Wakati mwingine mzuri ni mkataba unapokaribia kuisha. Nao una nguvu kwa kiasi tu: mwenye jengo akiona umeshajenga jikoni la mamilioni, anajua huhami kirahisi.

Niombe nafasi ngapi?

Hesabu kwanza, na uhesabu saa yako mbaya zaidi ya wiki. Wastani wa siku utakudanganya. Duka letu la keki lina shida Jumamosi asubuhi, watu wanapochukua keki za harusi na za sherehe za watoto. Tuseme risiti za duka la zamani zinaonyesha wateja 24 kati ya saa nne na saa tano, na 16 kati yao huja na gari. Kila mmoja hukaa dakika 12: kuingia, kuikagua keki, kulipa, kuibeba hadi garini. Kumi na sita mara kumi na mbili ni dakika 192, yaani nafasi tatu na kidogo zikiwa zimejaa saa nzima. Na kwa kuwa wateja hawaji kwa foleni iliyopangwa, unahitaji nne.

Sasa jiweke upande wa pili. Nafasi nne kati ya 22 ni karibu moja kwa tano ya uwanja, kwa duka moja kati ya manane, na ofisi zote za juu bado. Mwenye jengo atakataa, na kwa haki. Lakini ofisi hufungwa Jumamosi. Ombi lenye akili basi ni nafasi mbili za kudumu karibu na mlango, pamoja na mbili zaidi Jumamosi pekee, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana, kutoka zile zinazotumiwa na ofisi siku za kazi. Mwenye jengo hapotezi chochote. Kabla ya kukubali, mwombe athibitishe kwa maandishi kwamba mikataba ya hizo ofisi haiwapi nafasi hizo siku zote saba. Mara nyingi inawapa, na hakuna aliyekumbuka kuisoma.

Nikiambiwa "nafasi hizo ni zako", nihakikishe nini?

Kwamba zina namba na zimechorwa. Maneno "nafasi mbili za kuegesha" bila mchoro yanaweza kuishia kuwa nafasi mbili nyuma ya jenereta. Ambatisha ramani ya uwanja kwenye mkataba, tia rangi nafasi zako, andika namba, kisha namba hizo hizo zipakwe chini kwenye lami.

Kisha soma kile kifungu kinachompa mwenye jengo uwezo wa kuzihamisha. Karibu kila mkataba unacho, na si rahisi kukiondoa chote, kwani huenda kweli akahitaji kuchimba bomba. Kibane. Hamisho liwe la muda, kwa sababu ya ukarabati tu, kwa taarifa ya maandishi ya siku 14, na nafasi mbadala zisiwe mbali na mlango kuliko mita fulani mliyokubaliana.

Jambo la tatu ni kuuliza kama nafasi hizo zimo kwenye ramani ya jengo iliyoidhinishwa na kaunti. Kuna majengo ambayo maegesho yameliwa polepole, leo kontena la kuuza juisi, kesho kibanda cha kuoshea magari. Kubadilisha matumizi ya sehemu iliyoidhinishwa kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019, na kinyume chake pia ni kweli: nafasi iliyochorwa juu ya njia ya gari la zimamoto haiwezi kuwa yako, hata kama umeilipia.

Na gharama yake?

Mara nyingi hulipishwa kando ya kodi. Tuseme ni shilingi 5,000 kwa nafasi. Mbili ni 10,000, na kama mwenye jengo amesajiliwa kwa VAT ongeza asilimia 16, inakuwa 11,600. Uliza mapema kama bei aliyotaja ina VAT ndani. Kama wewe mwenyewe hujasajiliwa, hiyo 1,600 huwezi kuidai popote, ni gharama yako.

Kisha igeuze iwe keki. Ukipata faida ya shilingi 600 kwa keki ya kuagiza, nafasi hizo mbili zinajilipia kwa keki 20 kwa mwezi, kama tano kila Jumamosi. Kama huamini kwamba wateja watano kila Jumamosi hukata tamaa na kuondoka kwa kukosa mahali pa kuegesha, usilipe. Omba badala yake nafasi moja ya kupakia na kushusha ya dakika 15, ya pamoja, ambayo kwa kawaida hutolewa bure.

Nani atawafukuza wanaoegesha kwenye nafasi zangu?

Mwenye jengo, kupitia bawabu wake, na hilo liandikwe. Usifunge gari la mtu minyororo wewe mwenyewe. Huna mamlaka hayo, na mwenye gari anaweza kukushtaki. Kinachofaa ni kifungu kinachosema mwenye jengo ataweka kibao na kigingi cha kukunjwa, bawabu ataelekezwa, na nafasi ikikaliwa na mtu mwingine zaidi ya idadi fulani ya siku katika mwezi, ada ya nafasi hiyo ya mwezi huo hailipwi. Ukiwa na daftari la tarehe na picha za namba za magari, mazungumzo huwa mafupi.

Kinga dhidi ya mshindani iandikwe vipi?

Iandikwe kwa ufinyu. Mtu akiwa na hofu huomba mwenye jengo asikodishe kwa "biashara yoyote inayofanana au kushindana". Linasikika kubwa, lakini likifika mbele ya hakimu halishiki kitu. Mkahawa unaouza vipande vya keki na kahawa unashindana nawe? Supamaketi ndogo inayouza mikate ya kupakiwa je? Ukimuuliza mwenye jengo atasema hapana, ukijiuliza mwenyewe utasema ndiyo.

Anza na swali hili: ni kitu gani mwingine akikiuza hapa, mimi ninafunga? Kwa duka letu jibu ni keki za kuagiza na keki nzima zinazookwa hapo hapo. Mikate ya kiwandani haikuumizi, wala kipande cha keki kwenye sahani. Basi kinga ikataze kukodisha sehemu yoyote ya jengo, uwanja ukiwemo, kwa mtu ambaye biashara yake kuu ni kuoka na kuuza keki nzima au za kuagiza. Halafu ongeza mpaka kwa wale ambao si biashara yao kuu, kwa mfano kwamba sehemu ya kuuzia keki nzima isizidi mita mraba 3 za duka lao. Mita hupimika kwa futi ya fundi. Asilimia ya mauzo ya mtu mwingine utaipata wapi?

Maneno "uwanja ukiwemo" nimeyaweka makusudi. Mshindani mara nyingi haji kupitia duka namba tano. Huja kama kibanda cha wikendi karibu na geti. Vilevile kinga imfunge mwenye jengo pamoja na kampuni zake, na imkataze kuruhusu mpangaji mwingine kukodisha tena kwa mtu wa biashara hiyo au kubadili matumizi ya duka lake kuelekea huko.

Na ukubali kwamba kinga ina bei. Mwenye jengo anajifungia mlango kwa wapangaji wa baadaye, kwa hiyo ataomba kitu. Kinachompendeza zaidi ni masharti kwamba kinga inaisha ukifunga duka kwa siku 30 mfululizo, ukiacha kuoka, au ukidaiwa kodi ya miezi miwili. Hayo ni ya haki, nami ningeyakubali kabla hajayaomba.

Mshindani wangu tayari yumo, au mpangaji aliyepo anaanza kuuza keki. Kinga inanisaidia?

Hili ndilo swali muhimu kuliko yote, na ndilo lisiloulizwa. Mkataba wako ni kati yako na mwenye jengo. Mpangaji mwingine, tuseme yule wa supamaketi ndogo, hakuusaini, haumfungi. Mwenye jengo anaweza kumzuia kwa chombo kimoja tu: kifungu cha matumizi kilichomo kwenye mkataba wa supamaketi yenyewe. Kikisema "supamaketi" tu, au mbaya zaidi "biashara yoyote halali", basi akinunua tanuri kesho hakuna wa kumwambia kitu.

Wala mwenye jengo hawezi kumtoa ili akufurahishe. Wapangaji wengi wa maduka wana mikataba inayolindwa na Sura ya 301, sheria ya upangaji wa maduka, hoteli na mikahawa, ambayo inataka taarifa rasmi na sababu zilizotajwa kwenye sheria yenyewe. Kumwahidi mpangaji mpya kwamba hatakuwa na mshindani si mojawapo.

Kwa hiyo kabla ya kusaini, muulize mwenye jengo vifungu vya matumizi vya maduka yale mengine saba. Hatakuonyesha kodi zao, na huna haja nazo. Atoe orodha ya namba ya duka, matumizi yanayoruhusiwa na tarehe ya mkataba kuisha, kisha orodha hiyo iambatishwe kama tamko lake. Ukikuta duka lenye matumizi mapana, una uamuzi wa kufanya: upunguziwe kodi, au uombe ahadi kwamba mkataba huo ukihuishwa matumizi yatabanwa.

Dalili za mpangaji anayebadili biashara huonekana mapema kuliko bidhaa. Fuatilia mafundi: bomba la moshi linalotobolewa ukutani, umeme wa fezi tatu unaoingizwa kwenye duka ambalo lilikuwa na fezi moja, sinki kubwa linalopakuliwa. Andika barua wiki hiyo hiyo. Kumzuia mtu kabla hajatumia milioni moja kwenye tanuri ni rahisi kuliko baadaye, na mahakama pia huuliza ulijua lini na ulinyamaza kwa nini.

Akivunja kinga, napata nini?

Usipoandika, unapata kesi. Utalazimika kuthibitisha kiasi cha faida ulichopoteza kwa sababu ya mshindani, na wala si kwa sababu ya mvua au bei ya unga. Hilo ni gumu na ghali.

Andika matokeo yenyewe. Katika mfano wetu: ukiukaji ukiendelea siku 30 baada ya barua, kodi inashuka asilimia 30, kutoka 120,000 hadi 84,000, mpaka ukome. Mkataba useme kwamba kiasi hicho ni makadirio ya haki ya hasara, kwa sababu mahakama hazipendi adhabu. Ukiendelea miezi sita, mpangaji anaweza kuondoka kwa taarifa ya miezi mitatu, arudishiwe amana na sehemu ya gharama za ujenzi wa ndani ambayo hajaitumia. Kama alijenga kwa shilingi 1,800,000 kwenye mkataba wa miezi 63 na anaondoka baada ya miezi 21, amebakiza miezi 42, yaani theluthi mbili, kwa hiyo anadai 1,200,000.

Kwa nini miezi 63? Kwa sababu mikataba mingi ya biashara hapa huandikwa miaka 5 na miezi 3. Mkataba ulioandikwa usiozidi miaka mitano unaangukia chini ya Sura ya 301, na wenye majengo wanaikwepa. Kuna mtego hapa. Hata mkataba mrefu unaangukia huko ukiwa na kifungu cha kuuvunja ndani ya miaka mitano kwa sababu isiyo uvunjaji wa ahadi. Ndiyo maana wakili wa mwenye jengo atashtuka akiona haki yako ya kuondoka. Mtulize: andika kwamba haki hiyo inatokana na mwenye jengo kuvunja ahadi yake, tena iseme hivyo waziwazi. Kifungu kinachosema "mpangaji anaweza kuondoka ikiwa mshindani ataingia" kinazua ubishi. Kinachosema "ikiwa mwenye jengo atavunja ahadi iliyo katika kifungu fulani" hakizui.

Naweza kuzuia kodi mpaka anipe nafasi zangu?

Hapana, isipokuwa mkataba unakuruhusu kukata. Ukizuia, wewe ndiye uliyevunja, na unaweza kujikuta umeletewa dalali kwa ajili ya deni la kodi. Lipa huku ukiandika kwamba unalipa bila kuacha madai yako.

Mzee mwenye jengo ni mtu mwema, ameniambia "wewe mama usiwe na wasiwasi". Barua yake ya pembeni haitoshi?

Inatosha mpaka siku atakapouza, au atakapofariki na watoto wakagawana. Mkataba wa zaidi ya miaka miwili husajiliwa kwenye rejista ya ardhi, na anayelinunua jengo hulinunua pamoja nao. Barua ya pembeni haimo rejistani, na mnunuzi atasema hakuijua. Ingiza kila kitu ndani ya mkataba wenyewe, ramani ya nafasi ikiwa kiambatisho, na ufuatilie mpaka usajili ukamilike. Mzee akiwa mwema kweli, hatakasirika. Mwambie, "Mzee, wewe nakuamini, sijui atakayekuja baada yako." Wengi hucheka na kusaini.

Je, kinga kama hii si kinyume cha sheria ya ushindani?

Sheria ya Ushindani ya 2010 inakataza makubaliano yanayobana ushindani sokoni. Duka moja la keki kuzuia duka lingine la keki ndani ya jengo moja la Nyali, wakati mtaa mzima una maduka ya keki, haliwezi kubana soko. Wanaoangaliwa ni wakubwa. Afrika Kusini, uchunguzi wa soko la rejareja la vyakula uliokamilika 2019 ulipendekeza kampuni kubwa za supamaketi zenye matawi mengi ziache kutumia vifungu vya namna hii dhidi ya wauzaji wadogo ndani ya majengo ya maduka. Ukiandika kwa ufinyu, unajikinga na hili pia.

Niko ndani tayari, mkataba wangu ni wa miaka miwili, hauna nafasi wala kinga. Nimechelewa?

Kwa nafasi za gari, si kabisa. Mkataba wako uko chini ya Sura ya 301, na sheria hiyo inamruhusu mpangaji naye kutoa taarifa ya kuomba masharti yabadilishwe, kwa fomu maalumu, isiyoanza kufanya kazi kabla ya miezi miwili. Msipokubaliana, suala huenda kwenye baraza la kodi za majengo ya biashara, linalojulikana kwa herufi BPRT. Kama umekuwa ukiegesha mahali pamoja kwa miaka na sasa pamewekwa mnyororo, una cha kueleza. Kuhusu kinga dhidi ya mshindani, usiweke matumaini hapo: kulishawishi baraza likupe haki ambayo hukuwahi kuwa nayo ni vigumu. Hilo lisubiri mazungumzo ya mkataba mpya.

Nikiuza duka, anayenunua atapata nafasi na kinga?

Nafasi, ndiyo, kama zimo ndani ya mkataba na mwenye jengo ameridhia uhamisho. Kinga, soma tena. Wenye majengo hupenda kuongeza maneno kwamba ni ya mpangaji huyu binafsi. Maneno hayo yakibaki, duka lako linapoteza sehemu kubwa ya thamani siku unapoliuza. Kubali yawe hivi: kinga inahamia kwa mnunuzi, mradi aendelee na biashara ile ile ya keki kwenye duka lile lile.